Makutano ya maduara mawili: jibu likikataa, chanzo kiko wapi?

Una duara lenye kitovu A na nusu kipenyo r, na lingine lenye kitovu B na nusu kipenyo s. Unatafuta nukta zilizo juu ya maduara yote mawili kwa pamoja. Majibu yanayowezekana ni manne tu: hakuna nukta, nukta moja, nukta mbili, au duara zima, ikiwa umepewa duara lile lile mara mbili. Kwa hiyo kama karatasi yako ina nukta nne, au kompyuta imekurudishia NaN, au umepata nukta mbili mahali ambapo maduara yanagusana tu, kuna hatua iliyoteleza, na mara nyingi dalili yenyewe inakuonyesha ni hatua ipi.

Kabla ya kuziangalia dalili, tukubaliane juu ya hesabu tunayoikagua. Iite d umbali kati ya vitovu. Simama A, tembea umbali m kuelekea B hadi nukta M, kisha geuka pembe mraba na uende umbali h: hapo ndipo maduara yanapokutana. Ukigeukia upande wa pili unapata nukta ya pili. Kwa Pithagorasi, upande wa A unakupa m² + h² = r², na upande wa B unakupa (d − m)² + h² = s². Toa mlinganyo mmoja kwenye mwingine, h² inaondoka, na kinachobaki ni hiki:

```
m  = (d² + r² − s²) / (2d)
h² = r² − m²
```

Nitarudi kwenye mistari hii miwili kila mara. Ushauri wangu ni mmoja: usikimbilie kutoa kipeuo. Andika m na h² kando, uzitazame, kwa sababu karibu kila kosa linaonekana hapo.

Dalili: h² ni hasi

Kompyuta inasema NaN, au kwenye matoleo mengi ya Python unasomewa `math domain error`. Kwenye karatasi unajikuta na kitu kama y² = −3.84. Hii mara nyingi si hitilafu. Ni jibu: maduara hayakutani. Kosa ni kutouliza mapema.

Wengi wanauliza, lakini wanauliza nusu ya swali. Wanalinganisha d na r + s: d ikizidi, maduara yako mbali, d ikiwa ndogo, basi yanakatana. Nusu ya kwanza ni kweli, ya pili si kweli. Chukua A kwenye (0, 0) na r = 10, halafu B kwenye (3, 0) na s = 2. Hapa d = 3, nayo ni ndogo sana kuliko 12, lakini duara dogo limekaa ndani ya kubwa bila kuligusa popote. Nukta yake iliyo mbali zaidi na A iko umbali wa 3 + 2 = 5, nusu tu ya safari ya kufika kwenye ukingo wa duara kubwa. Hesabu inalisema hilo waziwazi: m = (9 + 100 − 4)/6 = 17.5. Umeambiwa utembee hatua 17.5 kutoka A ili ufikie nukta iliyo umbali wa 10 kutoka A. Haiwezekani, na h² = 100 − 306.25 = −206.25.

Kwa hiyo sharti ni la pande mbili. Maduara yanakatana kwenye nukta mbili pale tu d inapokuwa kubwa kuliko |r − s| na ndogo kuliko r + s. Ikizidi r + s, kila moja liko kivyake. Ikipungua chini ya |r − s|, moja limemezwa na lingine. Ukiona h² hasi na unataka kujua ni hali ipi kati ya hizo mbili, linganisha d na |r − s|. H² peke yake haikuambii.

Wanaotumia njia ya kutoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine wana mtego wao hapa. Ukitoa x² + y² = 1 kwenye (x − 5)² + y² = 4, unabaki na x = 2.2, mstari mnyoofu safi kabisa, na ni rahisi kuamini kwamba umeshapata kitu. Mstari huo upo daima, maduara yakutane au yasikutane, mradi vitovu ni tofauti. Maduara yakikatana, unapita kwenye nukta zao mbili. Yasipokutana, unapita mahali patupu. Rudisha x = 2.2 kwenye duara la kwanza na utapata ile y² = 1 − 4.84 = −3.84. Kupata mstari ni katikati ya kazi, bado hujafika.

Dalili: yanagusana, lakini mara napata nukta mbili, mara sipati hata moja

Hapa ndipo palipo na mambo, na ndipo nitakapokaa.

Maduara yanagusana kwa nje d ikiwa sawasawa na r + s, na kwa ndani d ikiwa sawasawa na |r − s|. Neno la kutiliwa shaka ni "sawasawa". Kompyuta inayotumia namba za desimali za kawaida haiwezi kuandika 0.1 kamili. Weka r = 0.1, s = 0.2 na d = 0.3, kisha uliza kama d == r + s. Utajibiwa sivyo, kwa sababu 0.1 + 0.2 ndani ya mashine ni 0.30000000000000004. Sharti la nukta moja linarukwa, na maduara yanayogusana yanapelekwa kwenye tawi la yale yanayokatana. Kwa namba nyingine kosa linaegemea upande wa pili, h² inakuwa hasi kwa chembe ndogo, na unaambiwa hakuna nukta.

Mtu akisikia hivyo husema: kosa lenyewe liko kwenye desimali ya 17, linanihusu nini? Linakuhusu kwa sababu ya kipeuo. Angalia kinachotokea kwa vipimo vikubwa vinavyoonekana kwa macho. Maduara mawili ya mita 3 na mita 2 yamechorwa ili yagusane, kwa hiyo vitovu vinapaswa kuwa mita 5 kutoka kimoja hadi kingine. Aliyepima akakosea kwa sentimita 1, akaandika 4.99. Basi m = (24.9001 + 9 − 4)/9.98 = 2.9960, h² = 0.02397, na h = 0.1548. Nukta moja ya mguso imegeuka nukta mbili zilizoachana kwa sentimita 31. Angekosea kwa sentimita 1 upande wa pili, akaandika 5.01, h² ingekuwa −0.0240 na nukta zote zingetoweka.

Linganisha na maduara yanayokatana vizuri. Weka r = 4, s = 3, d = 5: m = 3.2 na h = 2.4. Punguza d kwa sentimita ile ile 1, na m inakuwa 3.1964, h inakuwa 2.4048. Nukta imesogea milimita 6 hivi. Kosa lile lile la kupima, ila kule limezaa sentimita 31 na huku milimita 6.

Sababu ni kwamba karibu na mguso, h² ndiyo inayobadilika kwa kadiri ya kosa, si h. Ukiwa umepungukiwa na pengo dogo p, yaani d = r + s − p, basi h² ni takriban 2prs/(r + s). Kosa la p linapita kwenye kipeuo kabla ya kufika kwenye nukta, na kipeuo cha namba ndogo ni namba kubwa kuliko yenyewe: kipeuo cha 0.0001 ni 0.01. Ndiyo maana kosa la desimali ya 17 katika mfano wa 0.1 na 0.2 linaibuka kwenye desimali ya 9 ya h. Nusu ya tarakimu zako zimepotea, na hakuna ujanja wa kuandika programu utakaozirudisha. Ni tabia ya umbo lenyewe: mikunjo miwili inayogusana inakwenda karibu sambamba kwa kitambo, na kuisogeza kidogo tu kunahamisha sana mahali inapokatana.

Mguso wa ndani ni mbaya zaidi, na watu hawautegemei. Huko pengo p juu ya r − s linatoa h² ya takriban 2prs/d, na d ndiyo tofauti ya nusu vipenyo, ambayo inaweza kuwa ndogo sana. Chukua r = 5, s = 4, na d = 1.01 badala ya 1. Hesabu inatoa m = 4.9604, h² = 0.3940, h = 0.628. Kwa sentimita 1 ya kosa, nukta mbili zimeachana kwa mita 1 na sentimita 26 hivi. Kadiri maduara yanavyokaribiana ukubwa, ndivyo mguso wa ndani unavyokuwa hauaminiki. Mtu akikuletea maduara ya mita 5.00 na 4.97 akataka ujue yanagusana wapi kwa milimita, muulize kwanza vitovu vilipimwa kwa usahihi gani.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, amua mapema ni kosa kiasi gani unalivumilia, uliite e, na ulilinganishe na d, si na h wala h². Kosa la kupima liko kwenye d, r na s, na huko ndiko unakolijua kwa milimita au sentimita. Anayeandika "kama h ni ndogo kuliko 0.001, ni mguso" amejiwekea kipimo kikali kuliko anavyodhani: katika mfano wa mita 3 na 2, h ya milimita 1 inalingana na pengo la chini ya nusu ya elfu moja ya milimita. Hakuna tepu inayosoma hivyo. Pili, ukishaamua kwamba ni mguso, usitumie h hata kidogo. Nukta ya mguso iko kwenye mstari unaounganisha vitovu, umbali r kutoka A, upande ambao alama ya m inaonyesha.

Utachaguaje e? Kama namba zimetoka kwenye vipimo, tumia kosa la vipimo hivyo. Kama ni namba tupu za kompyuta, chukua nusu kipenyo kikubwa au d, ipi iliyo kubwa, uizidishe na kitu kama 1e-12 kwa namba za biti 64. Sikupi namba moja ya kutumia kila mahali, kwa sababu e ya 1e-9 ni kubwa mno kwa maduara ya ukubwa wa chembe na haina maana kwa maduara ya ukubwa wa mizunguko ya sayari.

Programu nzima, ikikagua hali kabla ya kugusa kipeuo, ni fupi:

```python
from math import hypot, sqrt

def makutano(ax, ay, r, bx, by, s, e):
    dx, dy = bx - ax, by - ay
    d = hypot(dx, dy)
    if d <= e:
        return "duara moja" if abs(r - s) <= e else []
    if d > r + s + e or d < abs(r - s) - e:
        return []
    ux, uy = dx / d, dy / d
    m = (d*d + (r - s)*(r + s)) / (2*d)
    if d >= r + s - e or d <= abs(r - s) + e:
        m = r if m > 0 else -r
        return [(ax + m*ux, ay + m*uy)]
    h = sqrt((r - m)*(r + m))
    mx, my = ax + m*ux, ay + m*uy
    return [(mx - h*uy, my + h*ux), (mx + h*uy, my - h*ux)]
```

Utaona nimeandika (r − m)(r + m) mahali pa r² − m². Kwa aljebra ni kitu kimoja. Kwa mashine si kimoja: r na m zinapokaribiana, kutoa miraba miwili mikubwa inayofanana kunafuta tarakimu za mwisho, ilhali kutoa r − m kwanza kunazihifadhi.

Dalili: kugawanya kwa sifuri

`ZeroDivisionError` hapa ina chanzo kimoja tu, nacho ni d = 0: vitovu ni nukta moja. Nusu vipenyo vikitofautiana, maduara yamepangana kama duru za shabaha na hayakutani. Vikilingana, ni duara moja na kila nukta yake ni jibu. Usirudishe orodha tupu katika hali hii ya pili, maana anayeipokea atasoma "hayakutani", kinyume kabisa na ukweli.

Kama vitovu si nukta moja na bado unagawanya kwa sifuri, basi hutumii hesabu ya m na h. Umetoa milinganyo, ukapata mstari, kisha ukaupanga uwe "y ni sawa na kitu fulani", na hapo umegawanya kwa tofauti ya y za vitovu. Vitovu vikiwa kwenye kimo kimoja, tofauti hiyo ni sifuri na mstari umesimama wima. Programu ya namna hii hufanya kazi kwa miezi, kisha ikakwama siku mtu anapoweka vitovu vyote viwili kwenye mhimili wa x.

Dalili: nukta iko juu ya duara moja, juu ya lingine haipo

Daima jaribu kila nukta kwenye milinganyo yote miwili. Ikipita wa A na kushindwa wa B, m ndiyo mbovu. H imetengenezwa kutokana na r na m, kwa hiyo duara la A litaridhika hata m ikiwa ya uongo.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni mtu kuondoa alama ya hasi kwenye m. Anadhani M lazima iwe kati ya A na B, anaona −5, anasema umbali hauwezi kuwa hasi, anaandika 5. Chukua A kwenye (0, 0), r = 13, na B kwenye (4, 0), s = 15. Hapo m = (16 + 169 − 225)/8 = −5, na h = 12. Nukta za kweli ni (−5, 12) na (−5, −12): kutoka A ni 13, kutoka B unakwenda 9 na 12, ambayo ni 15. Zote ziko nyuma ya A, upande usio na B. Ukiandika 5, unapata (5, 12), ambayo bado iko umbali wa 13 kutoka A lakini kutoka B ni kipeuo cha 145, yaani 12.04 hivi. Alama ya hasi inamaanisha "tembea ukiwa umempa B mgongo", na hutokea kila s² inapozidi d² + r². Chora mchoro na utaona duara la B limemfunika A na kupita.

Chanzo cha pili ni kubadilishana r na s kwenye kanuni. Kama maduara yako ya majaribio yote yana ukubwa sawa, hutaligundua kosa hilo kamwe, kwa hiyo jaribu kwa ukubwa tofauti.

Dalili: nukta nne

Umepata x mbili, halafu kwa kila x umerudi kwenye duara na kutoa kipeuo ili upate y, ukaweka alama ya jumlisha na kutoa. Mbili kati ya hizo nne ni za uongo. Baada ya kupata x, tafuta y kwenye mstari uliotokana na kutoa milinganyo, si kwenye duara. Mstari hauna kipeuo, kwa hiyo kila x inakuja na y yake moja. Mstari ukiwa wima, x ni moja tu na hapo ndipo unaporudi kwenye duara kihalali.

Dalili: mchoro na hesabu havikubaliani tangu mwanzo

Rudi kwenye kusoma mlinganyo. (x + 3)² + (y − 1)² = 16 ina kitovu (−3, 1) na nusu kipenyo 4. Si (3, −1), na si 16.

Dalili: programu ni sahihi kwa namba ndogo, ovyo kwa majira ya nukta ya ramani

Ukiwa na vitovu vyenye majira kama 9,200,000 na nusu vipenyo vya mita chache, angalia kwanza aina ya namba. Namba za biti 32, kati ya 8,388,608 na 16,777,216, zinaweza kushika namba nzima tu. Sehemu ya desimali imeshakatwa kabla hujaanza kupiga hesabu, na kitovu chako kinaweza kuwa kimesogea nusu mita. Hamia biti 64. Kisha angalia kama umefumbua mabano hadi x² + y² + Dx + Ey + F = 0. Ukifumbua, F inabeba mraba wa milioni tisa, namba ya tarakimu 14, na nusu kipenyo cha mita 3 kinatakiwa kionekane kama tofauti ya 9 mwishoni mwake. Hamisha chanzo cha majira kiwe A: toa majira ya A kwenye majira ya B kabla ya kitu kingine chochote, fanya hesabu yote kwa namba ndogo zinazobaki, na uongeze A mwishoni tu, kama mistari ya `dx` na `mx` inavyofanya hapo juu.